Rekodi zinaingia mara mbili mtandao ukirudi

Swali: Nina programu ya simu ya kuandikia uzito wa watoto kliniki. Pasipo mtandao inahifadhi kwenye SQLite, mtandao ukirudi inatuma kwenye seva ya PostgreSQL. Baadhi ya rekodi naziona mara mbili. Nakosea wapi?

Jibu: Mtandao ukikosekana kabisa hakuna shida. Shida huja ukikatika katikati. Simu inatuma uzito wa kilo 11.2, seva inaupokea na kuuandika, kisha jibu linapotea njiani. Simu inasubiri, tuseme sekunde 30, inaona imeshindwa, inatuma tena. Kwa seva hiyo ni rekodi mpya, kwa hiyo inaipa namba nyingine.

Chukua jozi moja ya rekodi zilizojirudia ulinganishe saa ambazo seva ilizipokea. Zikipishana kwa kiasi cha muda wa simu kusubiri au zaidi, ndiyo hiyo. Zikiwa zimeingia karibu kwa pamoja, basi kazi ya kutuma imeanzishwa mara mbili kwa wakati mmoja. Dawa yake ni hii hii.

Kitambulisho cha rekodi kizaliwe kwenye simu, si kwenye seva. Tengeneza UUID pale mtumiaji anapobonyeza "Hifadhi", uiandike kwenye SQLite pamoja na rekodi. Wengi huiweka ndani ya kazi ya kutuma, na hapo kila jaribio linapata kitambulisho kipya, yaani hujatibu kitu. Kwenye seva, `id` iwe ufunguo mkuu wa jedwali, halafu:

```sql
INSERT INTO vipimo (id, mtoto, uzito)
VALUES ($1, $2, $3)
ON CONFLICT (id) DO NOTHING;
```

Rekodi ikiwa ipo tayari, seva ijibu 200 kama kawaida. Ukirudisha 409, simu itadhani ni kosa, itaendelea kutuma rekodi ile ile bila kikomo, na zilizo nyuma yake kwenye foleni zitakwama.

Foleni yenyewe iwe jedwali ndani ya SQLite. Rekodi na mstari wake wa foleni viandikwe kwa muamala mmoja, na mstari ufutwe tu baada ya seva kujibu. Masahihisho yasipite kwenye amri hiyo ya juu, maana `DO NOTHING` itayapuuza kimyakimya. Yatume kama `UPDATE`, kwa mpangilio wa foleni, yasije yakaitangulia rekodi yenyewe.

Simu ambazo tayari zina rekodi za zamani zisizotumwa, zipe UUID mara moja wakati wa kusasisha programu. Zile ambazo seva ilishazipokea bila simu kujua zitajirudia mara hiyo moja, na utazifuta kwa mkono.

Kupima, iambie seva ya majaribio ilale sekunde 40 baada ya kuandika, kabla ya kujibu. Simu itakata tamaa na kutuma tena. Ondoa usingizi huo, acha foleni iishe, kisha hesabu mistari kwenye `vipimo`: lazima uwe mmoja.