Dagaa wa kukaanga kwa jina lako

"Kuna mama Igombe ananikaangia dagaa, nataka niwauze kwa jina langu. Nianze na mfuko au nembo?"

Anza na mfuko, ndugu yangu. Mimi nilichapisha stika 500 za karatasi kwanza. Siku ya tatu mafuta yalishapita, wino ukatawanyika, zikabanduka dukani.

Nunua mifuko 20 mitupu ya kusimama, yenye zipu. Mwambie mama achuje mafuta vizuri, dagaa wapoe kabisa ndipo mfunge. Ukiona ukungu wa maji ndani, umefunga wakiwa moto, na wataota kuvu. Weka wiki mbili, fungua, nusa: harufu ya mafuta ya zamani, huenda hewa inaingia. Kisha jaribu stika ya plastiki, ukiibandika kabla ya kujaza, mikono ikiwa haina mafuta.

Jina liwe fupi, litamkike hata kwa simu. Litafute kwanza BRELA, wakala wa kusajili biashara, uone kama halijachukuliwa. Kusajili jina la biashara hakukupi alama ya biashara, hayo ni maombi mawili. Nembo iwe ya rangi moja, isomeke ikiwa na upana wa sentimita 3. Acha nafasi ya uzito na tarehe.