Vigae vimevunjika na ushuru umeongezwa

"Kontena langu la vigae kutoka China limefika Dar es Salaam, baadhi vimevunjika, na TRA imeongeza ushuru. Nimdai nani?"

Ndugu, anza na hati ya shehena. Ikiwa wakala wa usafirishaji aliitoa kwa jina lake kama mchukuzi, yeye ndiye wa kukujibu kuhusu vigae, hata kama meli si yake. Lakini ikiwa alikutafutia nafasi tu na hati ni ya kampuni ya meli, idai kampuni hiyo. Hata hivyo, ikiwa lakiri ilifika nzima na muuzaji ndiye aliyepakia, mchukuzi atasema upakiaji ulikuwa mbovu, na mara nyingi atakuwa na hoja. Peleka taarifa ya maandishi, pamoja na picha, ndani ya siku 3 tangu upokee mzigo.

Wakala wa forodha hahusiki na kuvunjika huko. Kuhusu ushuru, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humhesabu kama mwenye mzigo, ingawa nawe hubaki mdaiwa. Ikiwa ankara uliyompa ilikuwa sahihi, naye akakosea tamko, lipa ushuru halali, kisha mdai adhabu na gharama zilizotokana na kosa lake.