Lebo ya chakula kilichopikwa: siku ya kwanza ni ya kupika

Wadogo zetu mnaoingia jikoni, kosa hili linarudi kila zamu mpya inapoanza, na tunawapenda mno kuwaacha mlirudie. Mtu anafungua friji, anakuta kontena la sosi ya nazi lenye lebo iliyoandikwa "J3" peke yake. Ni Jumatatu ipi? Na mwenzake aliyezoea kuhesabu wiki kuanzia Jumatatu anasoma J3 kama siku ya tatu, yaani Jumatano. Siku mbili zimeshapotea hapo, na hakuna aliyedanganya.

1. Lebo ina mambo manne: jina kamili la chakula, tarehe na saa ya kupikwa, tarehe ya mwisho, na herufi za jina la aliyepika. Mwezi uandikwe kwa maneno, "3 Aprili", maana 03/04 wengine wataisoma Machi 4. Saa iwe ya tarakimu nne. Ukiandika "saa 8", Mswahili anaelewa mchana, lakini mpishi mgeni anaelewa asubuhi. Andika 14:00 kila mtu aelewe. Jina nalo liwe la kweli: "sosi" haitoshi mahali penye sosi ya karanga na ya nazi zinazofanana rangi, na mgeni mwenye mzio wa karanga yupo mezani.

2. Siku ya kupika ndiyo siku ya kwanza. Kanuni ya chakula ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ambayo hoteli nyingi huifuata, inaruhusu chakula kilicho tayari kuliwa kikae siku 7 kwenye nyuzi 5 za Selsiasi au chini yake, siku ya kupika ikiwemo. Jiko likijiwekea siku 3, cha Jumatatu mwisho wake ni Jumatano usiku, si Alhamisi. Wengi hapa wanajumlisha tatu kwenye tarehe na kujiongezea siku nzima.

3. Sasa kosa linalotuumiza kuliko yote, nalo ni kuchanganya. Jumatatu zimepikwa lita 4 za sosi ya nazi. Jumatano asubuhi imebaki nusu lita. Kijana anapika lita 4 mpya, anazipooza vizuri, kisha kwa kuona vibaya kumwaga anaijumlisha ile nusu lita na kubandika lebo ya Jumatano, mwisho Ijumaa. Ijumaa ndani ya kontena lile kuna sosi ya siku ya tano. Ile nusu lita ndiyo inayoamua: mchanganyiko wote unachukua tarehe ya zamani, hivyo lita 4 na nusu zote zinapaswa kumalizwa au kutupwa Jumatano usiku. Kuokoa nusu lita kumepoteza lita 4, au mbaya zaidi, hakuna aliyejua na zimeliwa.

Wala msitegemee pua. Listeria ni bakteria anayeendelea kukua hata kwenye baridi ya friji, polepole, bila kubadili harufu wala ladha. Ndiyo maana friji ikiwa sawa kabisa bado siku zina mwisho, na kuchemsha upya hakurudishi tarehe nyuma. Kilichobaki kitumike kwanza kikiwa peke yake, au kimwagwe, na kipya kiingie kwenye chombo safi.

Friza nayo inachanganya watu vilevile. Kugandisha kunasimamisha hesabu, hakuianzishi upya. Sosi iliyokaa friji siku 2 kisha ikagandishwa, ikitoka imebakiwa na siku moja tu, na kuyeyuka ndani ya friji kunaweza kuila siku hiyo yote. Kwa hiyo unachojua hakitaisha, kigandishe siku ileile uliyokipika, na lebo iongezwe tarehe ya kuingia friza na ya kutoka.

4. Lebo ibandikwe ubavuni mwa kontena, kamwe si kwenye mfuniko. Mifuniko inabadilishana jioni ya kwanza tu yenye kazi nyingi. Masking tepu haishiki plastiki yenye umande, basi andika na ubandike chombo kikiwa kikavu, kabla ya kumimina. Wakati chakula kinapoa (kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 nyingine) mfuniko uko wazi, lakini lebo tayari ipo.

5. Stika za rangi za siku zinasaidia jicho, ila rangi ya Jumanne hii na ya Jumanne iliyopita ni ileile. Tarehe iandikwe juu yake.

6. Kontena likienda kuoshwa, bandua lebo kabla halijafika sinki. Ukibandika mpya juu ya kuukuu, ya juu ikidondoka kwa unyevu, mpishi wa usiku anasoma tarehe ya wiki jana na kutupa supu uliyoipika asubuhi.