Maelezo ya mfanyakazi yasiyo na alama: nilivyoandika tathmini ya mtunza stoo wangu

Mwaka wetu wa hesabu unafungwa tarehe 30 Juni, kama wa serikali, na wiki hiyo Busia hakuna anayelala mapema. Mimi nasimamia ghala la vifaa vya ujenzi. Mwaka jana mtunza stoo wangu aliniletea kurasa mbili za kujitathmini, bila alama hata moja, kwa sababu fomu haikuwa na sehemu ya alama. Makao makuu walitaka muhtasari wa ukurasa mmoja.

Nilikuwa nimeshaungua hapo. Mwaka wa kabla yake niliandika kuhusu mtu mwingine kwamba kazi yake ni "ya wastani", nikidhani ni neno la upole. Huko juu wakaligeuza kuwa 3 kati ya 5, na nyongeza yake ya mshahara ikaishia hapo. Tangu siku hiyo najua kuwa "mzuri", "anajitahidi" na "wa kuridhisha" ni alama zilizovaa nguo. Kama fomu haina kipimo, mimi nisikitunge kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo nilichukua kalamu nikapitia maelezo yake sentensi kwa sentensi. Palipo na jambo lililotendeka nilipiga mstari, na palipo na maoni yake juu yake mwenyewe nikaweka duara. "Nimepunguza sana upotevu wa saruji" ilipata vyote viwili, na ndiyo iliyonichukua asubuhi nzima.

Nilitoa kadi za stoo. Julai hadi Desemba mifuko 31 iliganda au kupasuka; Januari hadi Juni ni 12. Safi, lakini kabla ya kushangilia niliangalia mifuko iliyopokelewa, maana ukipokea nusu ya mzigo hata hasara itashuka yenyewe. Mapokezi yalikuwa karibu sawa. Halafu nikakumbuka kwamba Januari tajiri aliziba paa lililokuwa likivuja. Je, sifa ni ya kijana au ya fundi wa mabati?

Nikamwita. Maelezo alikuwa ameandika kwa Kiingereza kile cha ofisini, cha kutembea kwa uangalifu. Tulipokaa kwenye magunia tukaongea Kiswahili, mambo yakafunguka. "Madamu, paa ni kweli. Lakini mbao za kuinua mifuko kutoka sakafuni niliziomba mimi, na nikaanza kutoa ile ya zamani kwanza." Mbao hizo zina hati ya maombi ya Februari, yenye jina lake. Basi muhtasari ukasema: "Mifuko iliyoharibika ilishuka kutoka 31 hadi 12, mapokezi yakiwa karibu sawa. Paa lilizibwa Januari. Februari yeye alianzisha kuinua mifuko juu ya mbao na kutoa ya zamani kwanza. Rekodi hazituwezeshi kutenganisha mchango wa kila kimoja." Hakuna neno "sana" hapo.

Sehemu ya pili iliyonitoa jasho ni kosa alilokiri mwenyewe: Machi aliingiza mabati 40 mara mbili. Rasimu yangu ya kwanza ilisema "anahitaji kuwa makini zaidi katika kuhesabu". Niliposoma tena niliona haya. Tukio moja nimeligeuza tabia ya mwaka mzima, tena nimemwadhibu kwa ukweli wake. Mwakani hataandika kosa lolote, na wenzake watajifunza kwake. Kadi ilionyesha amelisahihisha siku mbili baadaye, kabla ya hesabu ya mwisho wa mwezi, bila kuambiwa na mtu. Nikaandika hivyo hivyo, pamoja na tarehe.

Kisha kuna yale asiyoyaandika. Karibu kila kitu kilikuwa cha kuanzia Machi. Nusu ya kwanza ya mwaka ilikuwa tupu, kwa sababu watu huandika wanayoyakumbuka. Nililinganisha na orodha ya majukumu yake nikagundua hakusema lolote juu ya kumfundisha msaidizi mpya, kazi aliyoifanya Septemba yote. Wengine hunyamaza kwa aibu ya kujisifu. Pia palikuwa na "tulipanga upya ghala", na hiyo "tu" ilibidi niiulize: nani alifanya nini? Asichoweza kuthibitisha mtu yeyote nilikiacha kwa maneno "anaeleza kwamba", basi.

Makao makuu walipiga simu kudai namba. Niliwajibu kwamba kipimo hutangazwa mwaka ukianza, mfanyakazi akijua 3 maana yake nini. Wakitaka, tuanze Julai. Hawakufurahi.

Kijana alisoma ukurasa wake amesimama mlangoni. Alikata neno moja tu, pale nilipoandika "alimfundisha" msaidizi, akaweka "tulifundishana", kisha akatia sahihi.