Banda la kuku la paleti: mbao zisipasuke, mlango usifunguke

Hapa Dar paleti huzipati kwa shida, maana viwanda na maghala huzitoa kwa bei ya kutupa. Kabla ya kulipa, geuza kila moja utafute mhuri uliochomwa kwenye mbao. Ukiona HT, mbao zilitibiwa kwa joto, chukua. Ukiona MB, zilifukizwa kwa dawa ya methili bromidi, na hizo kwangu hazikai karibu na kuku wala mayai. Yenye madoa ya mafuta au harufu ya kemikali nayo iache hapo hapo hata kama mhuri ni mzuri.

Kazi ya kwanza ni kuibomoa, na hapo ndipo mbao nyingi huharibika. Misumari ya paleti mara nyingi ina mikunjo mwilini, imeng'ang'ania. Ukiingiza mtaimbo na kukandamiza, ncha ya ubao inapasuka na msumari unabaki umekaa. Mimi huchomeka kipande cha ubao kati ya mbao na gongo lake, nikipate kijinafasi, kisha nakata misumari kwa ubapa wa msumeno wa chuma. Ni polepole, mkono unauma, ila ubao unatoka mzima. Kama huhitaji urefu wote, kata tu pembeni ya magongo ya mwisho usahau misumari.

Sasa kupigilia. Mbao za paleti ni kavu mno, na msumari wenye ncha kali hufanya kazi ya kabari: unasukuma nyuzi huku na huku hadi zinaachana. Geuza msumari, weka kichwa juu ya jiwe, gonga ncha kidogo kwa nyundo iwe butu. Ncha butu huponda nyuzi badala ya kuzitenganisha. Ukikaa sentimita 5 kutoka mwisho wa ubao, hiyo peke yake mara nyingi inatosha.

Karibu zaidi na hapo, toboa kwanza. Kwa ubao wa sentimita 2 natumia msumari wa inchi 2.5, ambao unene wake ni kama milimita 3, na biti ya milimita 2.5. Huna biti? Kata kichwa cha msumari wa aina hiyo hiyo, ufunge kwenye drili, utatoboa vizuri tu. Misumari miwili ya ncha moja isikae kwenye uzi mmoja wa mbao. Ipishanishe, mmoja juu kidogo na mwingine chini, la sivyo ufa utaunganisha matundu yote mawili. Ukitumia skrubu, tundu la ubao wa juu liwe pana kiasi cha skrubu kupita bila kushika, na la ubao wa chini liwe jembamba. Usipofanya hivyo, skrubu inashika mbao zote mbili na kati yake panabaki uwazi, hata ukaze vipi.

Mlango nao una adui wawili wasiofanana. Nguchiro na kicheche hutafuta kona iliyolegea, wakati mwizi anatafuta skrubu fupi. Kilango changu kina upana wa sentimita 60, na nyuma nimepigilia ubao wa mshazari unaoanzia chini upande wa bawaba na kupanda hadi juu upande wa komeo. Ukiuelekeza kinyume, haubebi uzito wa upande wa komeo, na mlango unaanza kuburuta chini.

Komeo moja katikati halitoshi. Funga, kisha sukuma kona ya chini kwa kidole gumba: mbao hizi nyembamba zinajipinda, na uwazi unaotokea hapo unamtosha nguchiro kupenyeza kichwa. Weka komeo la kusukuma juu na jingine chini, na upigilie papi kwenye fremu kwa ndani ili mlango uliegemee pande zote. Zile ndoano za waya za kutumbukiza kwenye pete siziamini, maana mlango ukitikiswa sana ndoano inaruka yenyewe.

Kwa ajili ya mwizi, komeo la kufuli nalifunga kwa bolti zinazopenya mlango mzima, na nati na washa zikae ndani ya banda. Skrubu za inchi moja hung'oka kwa bisibisi kubwa tu. Jirani yangu alikuta kufuli lake linaning'inia zima, limefungwa vizuri, kuku hawapo.

Acha nafasi ya milimita 4 kuzunguka mlango, na tundu linalopokea komeo ulirefushe kidogo kwa tupa kwenda juu na chini. Masika yakiingia mbao zitavimba, na komeo lisiloingia hadi mwisho mtu huliacha nusu, hasa jioni mvua ikinyesha.