Thamani ya vitu vya msaada na kazi ya kujitolea: mlivyopewa viti mwendo, mnaandika kiasi gani?

*"Wakuu, nashika hesabu za taasisi ndogo ya hisani hapa Tanga. Tumepokea viti mwendo vilivyotumika kutoka nje, na barua ya mfadhili ina bei ya kila kimoja. Niingize bei hiyo? Na watu waliojitolea kutujengea choo nao naingizaje?"*

Ndugu, bei ya kwenye barua usiiingize kabla hujaipima. Sisi tuliiingiza mwaka wetu wa kwanza, na ilitugharimu.

Tulipokea viti 20 kupitia bandari ya Tanga. Barua ilisema kila kimoja ni sawa na shilingi 950,000, yaani milioni 19 kwa jumla. Nikaandika hivyo hivyo. Mkaguzi alipokuja aliuliza swali moja tu: ungevipeleka sokoni siku ile ulipovipokea, ungelipwa ngapi? Barua ilikuwa imetaja bei ya kiti kipya dukani kwao. Thamani ya haki ni bei ambayo mnunuzi na muuzaji wasioshurutishwa wangekubaliana, kwa kitu kile kile, katika hali yake, siku ya kukipokea.

Nikaingia stoo na daftari, nikakagua kiti kimoja kimoja. Vizima vilikuwa 15. Vitatu magurudumu ya mbele yalikuwa yamekufa. Viwili fremu zilikuwa zimekatika, havifai hata kwa vipuri. Nikaomba bei kwa maandishi kwa wauzaji wawili wa vifaa vya hospitali, na wote wakanipa takribani shilingi 220,000 kwa kiti kilichotumika lakini kizima. Vile vitatu nikatoa 40,000 ya matengenezo, vikabaki na 180,000 kila kimoja. Vilivyokatika, sifuri. Hesabu ikawa 3,300,000 na 540,000, jumla 3,840,000. Toa hiyo kwenye milioni 19 uone mapato hewa tuliyokuwa tumejipa. Mfadhili mwingine alikuwa ameshasoma taarifa ile na kutuambia hatuna shida ya fedha.

Kuingiza kwenyewe ni kwepesi. Siku ya kupokea: debiti akiba ya stoo 3,840,000, krediti mapato ya misaada ya vitu. Kiti kikienda kwa mlengwa, debiti gharama za mradi, krediti stoo. Sisi mwisho wa mwaka vilibaki vizima sita, yaani 1,320,000, na gharama iliyotoka ilikuwa 2,520,000. Hapo ndipo kamati ilipouliza hiyo ziada ya 1,320,000 iko benki gani. Haiko benki, imekaa stoo. Andika maelezo hayo chini ya taarifa mapema, kabla hujaulizwa kikaoni.

Kazi ya kujitolea ina mlango mwembamba zaidi, na kwanza angalia mnafuata kanuni zipi. Kanuni za kimataifa za uhasibu za IPSAS haziwalazimishi kuingiza huduma za kujitolea. Mfadhili wetu ni wa Marekani, na mkataba ulitutaka tufuate kanuni za huko. Hizo zinakubali kazi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kazi iliyojenga au kuboresha mali yenu. Ya pili ni kazi ya ujuzi maalumu, ikifanywa na mwenye ujuzi huo, ambayo mngelazimika kuinunua kama asingejitolea.

Choo ni mali, kwa hiyo kinapita kwa njia ya kwanza, na wengi hukosea hapa wakidhani ni fundi tu anayehesabiwa. Hata vijana wa Ngamiani waliochimba shimo wanahesabiwa. Sisi tulikuwa na waashi wanne kwa siku sita, kwa 30,000 kwa siku: 720,000. Vibarua wanane kwa siku tatu, kwa 15,000: 360,000. Hiyo 1,080,000 tuliiongeza kwenye gharama ya jengo, debiti majengo, krediti mapato ya huduma za kujitolea. Mmoja wa wale wanane alikuwa daktari. Siku zile alishika sururu, basi naye nikamwandikia 15,000, kwa sababu unapima kazi iliyofanyika. Alipokuja baadaye kuwapima watoto, hapo nikatumia bei ya daktari, maana tungemlipa mwingine.

Akina mama wanaotupikia uji kila Jumamosi sikuwaingiza kwa shilingi, ingawa bila wao kituo hakiendi. Uji haujengi mali, wala kuupika hakuhesabiwi ujuzi maalumu. Nilieleza mchango wao kwa maneno: wako wangapi, na wanakuja siku gani.

Kwa yote hayo mkaguzi atataka ushahidi. Weka karatasi za bei zenye tarehe, orodha ya hali ya kila kiti, na daftari la mahudhurio lenye jina, kazi aliyofanya na sahihi ya siku ile ile. Sisi la waashi tulilijaza miezi miwili baadaye kwa kukumbuka, na mkaguzi akazikataa siku mbili kati ya sita hadi msimamizi wa ujenzi alipoleta daftari lake mwenyewe.