Usiseme panki hawakujua kupiga gitaa

Wadogo zangu mnaoanza kuandika na kutangaza habari za roki, kuna sentensi ambayo karibu kila mgeni huja nayo siku ya kwanza: panki walikuwa vijana wasiojua kupiga vyombo, wakaibuka mwaka 1976 na kuiua roki ya progresivu, ile ya nyimbo ndefu na ufundi mgumu. Mimi niliisema hewani, kwenye kipindi cha usiku, tena kwa kujiamini kabisa. Msikilizaji mmoja akapiga simu, akaniuliza kwa upole albamu ya Yes, kundi la roki ya progresivu, iitwayo Going for the One ilishika nafasi ya ngapi Uingereza mwaka 1977. Sikujua. Kumbe ilishika nafasi ya kwanza, mwaka uleule ambao mimi nilikuwa nimeshawazika.

Tangu siku ile sianzi tena na hadithi. Naanza na santuri mbili, na ninyi nawaomba mfanye hivyohivyo.

Ya kwanza ni Close to the Edge ya hao hao Yes, ya mwaka 1972. Upande wake wa kwanza mzima ni wimbo mmoja wa dakika 18 na ushee. Msikilize bila kufanya kazi nyingine. Utasikia vyombo vinaanza kama vinagombana, kisha vinapata njia, kisha katikati kila kitu kinatulia na kinaingia kinanda kikubwa cha kanisani chenye mabomba. Kile si kinanda cha studio kilichoigizwa. Rick Wakeman, mpiga vinanda wao, alikwenda kukipiga ndani ya kanisa la St Giles, Cripplegate, jijini London. Wimbo wenyewe ulirekodiwa vipande vipande, kisha tepu ikakatwa na kuungwa hadi ukawa kitu kimoja. Ni kazi nzuri na ngumu, na mtu asiyeiheshimu hataelewa panki walikataa nini.

Sasa jiulize swali la mtoto wa miaka 16 wa mwaka 1976 mwenye gitaa la bei ya chini: nitaanzia wapi? Kwa muziki ule hakuna pa kuanzia. Unahitaji mtu aliyesomea piano, vinanda vya bei ya nyumba, wiki nyingi za studio, na kampuni ya London ya kulipia yote hayo. Uingereza ya wakati ule watu wasio na kazi walikuwa wamezidi milioni moja. Ugumu wa roki ya progresivu ulikuwa umegeuka ukuta, upande mmoja mafundi, upande wa pili wanunuzi wa tiketi. Ukuta huo ndio panki waliokuwa wanaupiga nyundo. Ukilishika hilo, mambo mengi yatajipanga yenyewe.

Santuri ya pili ni Spiral Scratch ya Buzzcocks, kundi la Manchester. Hii nawaomba mkae nayo kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ndani yake mtaona kwa macho kile panki walichokithamini.

Waanzilishi wake, mwimbaji Howard Devoto na mpiga gitaa Pete Shelley, walikuwa wanafunzi Bolton. Mapema mwaka 1976 walisafiri kusini kuwaona Sex Pistols, kundi la panki la London, wakarudi na wazo la kuwaleta Manchester. Tarehe 4 Juni wakawaleta katika ukumbi mdogo wa Lesser Free Trade Hall. Walitaka na kundi lao lipande jukwaani usiku huo, lakini halikuwa tayari. Steve Diggle, aliyekuja kuwa mpiga besi wao, walikutana naye usiku huohuo. Sex Pistols walirudi ukumbini hapo tarehe 20 Julai, na safari hii Buzzcocks wakapanda. Mpiga ngoma wao, John Maher, alikuwa na miaka 16. Shelley alipigia gitaa la bei rahisi aina ya Starway ambalo sehemu ya juu ya mwili wake ilikuwa imevunjika, na hakuona sababu ya kungoja apate jingine.

Tarehe 28 Desemba mwaka huohuo waliingia studio. Hesabuni: tangu jukwaa la kwanza hata miezi sita haijafika. Walikopa takriban pauni 500 kwa jamaa na marafiki, wakarekodi nyimbo nne kwa saa tatu hivi, na kuchanganya sauti kwa saa mbili. Mwishoni mwa Januari 1977 santuri ikatoka chini ya jina la lebo waliyoiunda wenyewe, New Hormones. Walichapa nakala 1,000. Zilikwisha, wakachapa nyingine, na hatimaye zikauzwa kiasi cha 16,000, bila kampuni kubwa.

Igeuzeni sasa hiyo santuri mtazame nyuma ya jalada. Kando ya kila wimbo wameandika umerekodiwa kwa jaribio la ngapi na kama kuna kitu kilichoongezwa juu yake baadaye. "Breakdown" ni jaribio la tatu, hakuna nyongeza. Nyingine tatu ni jaribio la kwanza, na gitaa limeongezwa juu. Basi.

Mara ya kwanza nilipoyasoma maandishi yale nilidhani ni kumbukumbu tu za studio zilizosahauliwa pale. Baadaye nikaelewa kwamba ndiyo tamko lenyewe. Katika roki ya progresivu fundi anaficha maungio, na sifa yake ni kwamba huoni tepu ilikokatwa. Hawa wanakufungulia jiko uone moto, sufuria na kuni. Wanamwambia kijana aliyeshika santuri kwamba kuna hatua chache tu, na kila hatua unaweza kuihesabu. Makundi mengine ya Uingereza yaliyofuata yalikwenda mbele zaidi, yakachapa mpaka gharama za studio na za kiwandani kwenye majalada yao. Kwa hiyo ukiulizwa panki walithamini nini badala ya ufundi, usikimbilie kusema "hasira". Taja kwanza jambo hili: muziki ambao msikilizaji anaweza kuona ulivyotengenezwa, na kesho akatengeneza wake.

Nyimbo zenyewe zinasema hivyohivyo. Nendeni kwenye "Boredom", wimbo unaohusu uchovu wa kukosa la kufanya. Panapotarajiwa gitaa la solo lipae, Shelley anapiga noti mbili. Anazirudia. Anazirudia tena. Waliohesabu wanasema mara 66, kisha inakuja noti moja tofauti na solo imekwisha. Mgeni akisikia pale husema, "Unaona? Hana anachojua." Sikiliza tena huku ngoma na besi zikiendelea kubadilika chini yake. Noti mbili zilezile kila zinaporudi zinakaa mahali tofauti, na kiu ya kutaka zibadilike inakupanda kooni. Wimbo wa uchovu umekupa uchovu, halafu umekuchekesha. Hilo ni wazo la mtunzi anayejua hasa solo za wakati ule zilivyokuwa, ndiyo maana akajua pa kuzipiga. Jaribio langu kwa kitu chochote kinachoitwa rahisi ni hili: ongeza noti uone. Ukijaza solo ya "Boredom" noti 30 tamu, wimbo unakufa.

Kuhusu mikono, nina kisa kimoja. Kijana mmoja mpiga solo wa bendi ya dansi, mwenye vidole vyepesi kuliko vyangu mara kumi, alinitembelea na kuniambia muziki wa Ramones, kundi la panki la New York, anaweza kuupiga akiwa usingizini. Nikampa gitaa, nikaweka "Blitzkrieg Bop" ya mwaka 1976. Kodi zake, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, alizipata papo hapo, kwani ni chache. Lakini alikuwa anacharaza juu na chini kama alivyozoea, na sauti ikatoka nyepesi, inayumba kama dansi. Nikamwambia Johnny Ramone, mpiga gitaa wa kundi hilo, alipiga kuelekea chini tu. Akaanza upya. Mwendo wa wimbo ule ni takriban mapigo 175 kwa dakika, na kila pigo lina michapo miwili, yaani michapo 350 kwa dakika, yote ya kushuka. Wimbo una dakika mbili na sekunde chache. Kabla ya dakika ya kwanza kuisha mkono ulikuwa umemkaza hadi kiwiko, akaiweka gitaa chini akiwa kimya, akijikanda.

Alichokikosa si kodi. Ni uzito ulio sawa katika kila mchapo, bila kupumzika, bila kupamba. Ugumu upo, ila umehamia kwenye pumzi na msuli, na msikilizaji hauoni kama sarakasi. Ukitaka kutambua kundi linaloiga panki bila kuielewa, sikiliza mkono wa gitaa la rizimu: ukianza kucheza juu na chini, ule ukuta wa sauti unapata matundu.

Hapa ndipo nataka muwe waangalifu, maana mgeni akishaelewa haya huvuka mpaka wa pili na kusema panki ni kila kitu cha haraka na cha bei rahisi. Never Mind the Bollocks, albamu ya Sex Pistols ya Oktoba 1977, haikurekodiwa kwa saa tatu. Mpiga gitaa wao, Steve Jones, alirundika magitaa tabaka juu ya tabaka, na mmoja wa watayarishaji alikuwa Chris Thomas, aliyeshiriki pia kuchanganya sauti za The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd. Naam, Pink Floyd walewale ambao Johnny Rotten, mwimbaji wa Sex Pistols, alivaa fulana yenye jina lao huku ameandika juu yake kwamba anawachukia. Na Julai ya mwaka huohuo Rotten alialikwa Capital Radio, London, kupiga santuri anazozipenda. Alipiga rege, akapiga kundi la Can la Ujerumani, akapiga nyimbo za Peter Hammill, kiongozi wa Van der Graaf Generator, kundi la roki ya progresivu kabisa. Waliomdhania hajui muziki walibaki wameduwaa. Masikio yake hayakuwa na shida na muziki mgumu. Alichokikataa ni ule ukuta, na watu waliokaa nyuma yake.

Kwa hiyo mkiandika, tenganisheni mambo mawili ambayo vitabu vingi huyachanganya: ugumu wa sauti, na umbali kati ya mpigaji na msikilizaji. Mara nyingi vilikwenda pamoja katika miaka ya sabini, lakini si kitu kimoja. Fuateni alichofanya Devoto. Santuri yake ilipotoka tu mwaka 1977 aliachana na Buzzcocks. Akaunda kundi jingine, Magazine, na mwaka 1978 likatoa albamu ya kwanza, Real Life. Iwekeni baada ya Spiral Scratch, siku hiyohiyo ikiwezekana. Sauti ni ya mtu yuleyule wa "Boredom", na pembeni yake, tangu mwanzo hadi mwisho, kuna vinanda.